Kesi tisa ni nyingi, chukua jimbo moja lililoasi mara tatu

"Shikamoo mwalimu. Nipo mwaka wa pili wa masta ya historia, nataka kueleza kwa nini maasi ya wakulima mengine yanafaulu na mengine yanafeli. Nina kesi tisa: Maji Maji, Mau Mau, Ujerumani 1525, Ufaransa 1789, Urusi, Meksiko, China, Vietinamu na Haiti. Supavaiza kanirudishia propozali kaandika 'kesi nyingi, hoja haipo'. Ninachoweza kusema mpaka sasa ni kwamba sababu nyingi zilichangia. Nifanyeje?"

Marahaba mdogo wangu. Supavaiza wako ana maneno machache ila hajakosea. Ukiweka kesi tisa utasoma kitabu kimoja kimoja kwa kila nchi, utachora jedwali la vema na mikato, na kila mtu anayeijua nchi moja vizuri atakuja kukutoboa kwenye safu yake. Mimi nilishafanya hivyo, jedwali langu lilikuwa na kesi saba na sababu tisa, mtahini akaangalia kama dakika mbili hivi akaniuliza, "sababu tisa kwa kesi saba, sasa ipi hapa inaweza kuwa ya uongo?" Nikakosa jibu. Manake ukiwa na sababu nyingi kuliko kesi, hakuna hata moja unayoweza kuikataa, zote zinapita tu.

Kwa hiyo ushauri wangu: kwenye orodha yako bakiza Urusi, halafu ndani ya Urusi chukua jimbo moja tu, Tambov, kusini mashariki ya Moscow, nchi ya udongo mweusi na nafaka. Wakulima wa pale waliasi 1905, wakaasi 1917, wakaasi tena 1920 mpaka 1921. Mara ya kwanza walipigwa, mara ya pili wakachukua ardhi, mara ya tatu wakapigwa vibaya kuliko zote. Yaani una kesi tatu, watu walewale au watoto wao, vijiji vilevile, matokeo tofauti. Hiyo ni zawadi, wenzio wanatafuta kitu kama hicho miaka na miaka.

Faida yake iko hapa. Mtu akikuambia wakulima hushinda kwa sababu wana umoja wa kijiji, unamjibu kwamba Tambov ile jumuiya ya kijiji, wenyewe wanaiita mir, ilikuwepo mara zote tatu. Ndiyo iliyogawa mashamba upya kwa kaya, ndiyo iliyokaa baraza na kuamua kijiji kizima kinatoka au hakitoki. Akikuambia ni njaa ya ardhi, nayo ilikuwepo 1905 sawasawa na 1917. Kitu kilichokuwepo wakati wa kushindwa na kikawepo pia wakati wa kushinda hakiwezi peke yake kueleza tofauti. Angalia nimesema peke yake, kinaweza kuwa cha lazima bila kutosha, kama mafuta kwenye gari ambayo bila hayo huendi ila kuwa nayo hakukufikishi Morogoro. Mir ningeiandika hivyohivyo: inaeleza kwa nini waliweza kutoka kwa pamoja, haielezi kwa nini mara moja walibaki na shamba na mara nyingine walirudishwa kwa viboko.

Kabla hujagusa sababu lakini, amua kwanza kufaulu maana yake nini, na uamue kabla ya kuangalia kesi, la sivyo utakuwa unasogeza goli. Chukua 1905. Wakulima wa Urusi walichoma karibu nyumba 3,000 za makabaila kwenye maasi ya 1905 na 1906, na walipigwa. Lakini Novemba 1905 hiyohiyo mfalme alitangaza kupunguza kwa nusu malipo ya kukombolea ardhi yaliyokuwa yanawakaba tangu ukabaila ulipofutwa 1861, na kuyafuta kabisa kuanzia 1907. Je, hapo wamefaulu? Na 1921 ni vilevile, waasi wa Tambov walikuwa wanapinga serikali kuchukua nafaka kwa nguvu, Februari 1921 uchukuaji ukasimamishwa Tambov, mwezi uliofuata sera ikabadilishwa nchi nzima ikawa kodi, halafu baada ya hapo ndo wakapelekewa jeshi kubwa likawasaga. Ukisema "walipata kitu" ndo kufaulu, basi mara zote tatu wamefaulu na huna tena cha kulinganisha.

Mimi ningetenganisha vitu viwili. Kimoja ni kushika: kile walichokitaka kiko mikononi mwao kijijini, na mwaka mmoja baadaye hakuna aliyeweza kuwanyang'anya. Cha pili ni kusikilizwa: wamepigwa, ila mtawala kwa woga amelegeza kitu. Tasnifu yako ieleze kushika tu. Kusikilizwa ni swali jingine lenye sababu zake, liandikie aya moja, lipite. Na hapohapo utaona kwa nini Mau Mau inakusumbua, maana msituni walishindwa, Kimathi akakamatwa Oktoba 1956, halafu 1963 uhuru ukaja, na watu wanabishana mpaka leo waiweke safu gani kwa sababu hawajatenganisha hayo mawili.

Sasa sababu yenyewe. Hoja ambayo naona inaweza kusimama ni hii, na uiandike kwa sentensi moja inayoweza kuvunjika: wakulima wanashika ardhi pale ambapo dola haiwezi kupeleka kijijini askari wanaotii, kwa muda mrefu kiasi kwamba anayekuja kutawala baadaye anakuta jambo limeshakwisha. Siyo hoja mpya, watu wameshasema sana kwamba dola ikivunjika wakulima wanapata nafasi. Kitu chako kipya kitakuwa kuonesha kwa tarehe na kwa wilaya jinsi askari alivyotii au alivyokataa.

Tuone 1905. Mwaka ule jeshi lilikuwa Manchuria linapigana na Mjapani na linashindwa, na mwezi Juni mabaharia wa meli ya Potyomkin wakaasi, kwa hiyo ukisoma haraka utasema jeshi lilikuwa limevunjika kama 1917. Kuna mamia ya vikosi vilivyogoma kati ya Oktoba na Desemba 1905, baada ya mfalme kutoa tangazo lake la haki za kiraia tarehe 17 Oktoba. Hapa wengi wanateleza wanaandika "jeshi lilibaki tiifu". Halikubaki tiifu, lilitikisika kisha likarudi. Migomo mingi ilikuwa ya askari kudai chakula bora na kutotukanwa, wakaona mfalme mwenyewe kalegeza basi na wao wakalegea, na Desemba serikali ilipoonesha kwamba bado ipo, kwa kuzima uasi wa Moscow kwa vikosi vya walinzi wa mfalme, wengi walirudi kwenye mstari, askari yuleyule aliyegoma Novemba akampiga mkulima Januari. Mwaka 1906 waligoma tena wakatulia tena. Kwa hiyo jeshi kugoma tu hakutoshi, inabidi pawepo na kitu kinachozuia lisirudi kwenye utii.

Halafu angalia nani hasa walipelekwa vijijini Tambov. Walikuwa wapanda farasi, na hasa Makosaki, watu wenye ardhi yao na upendeleo wao, wasio na shangazi wala mjomba kwenye kijiji wanachokichapa. Wilaya ya Borisoglebsk alipelekwa ofisa wa jimbo anaitwa Luzhenovsky na Makosaki wake, akafanya ukatili mpaka Januari 1906 msichana mmoja, Maria Spiridonova, alimpiga risasi palepale stesheni ya treni. Luzhenovsky akafa, lakini vijiji vilikuwa vimeshanyamaza. Ona hiyo, umemuua mkubwa wa operesheni na hakuna kilichobadilika kwenye ardhi, kwa sababu waliokuwa wanatii bado wanatii.

Njoo 1917. Februari mapinduzi yamelipuka mji mkuu, mfalme kaachia kiti tarehe 2 Machi, na siku moja kabla baraza la wafanyakazi na askari la Petrograd likatoa Amri Namba 1, askari wachague kamati zao na silaha ziwe chini ya kamati. Kuanzia hapo ofisa anatoa amri, kamati inajadili. Wakulima masika ile wakaanza polepole, ng'ombe wanaingizwa kwenye malisho ya kabaila, kodi ya shamba inapangwa na wao, vibarua wanaondolewa. Septemba mwanzoni, wilaya ya Kozlov, palepale Tambov, vikalipuka, mashamba ya makabaila kwa makumi yakachomwa ndani ya siku chache. Serikali ya muda ikafanya kile serikali zote hufanya, ikapeleka askari, watu wakakamatwa. Lakini moto ukaendelea, na tarehe 13 Septemba wakuu wa jimbo wakatangaza mashamba yote ya makabaila yawe chini ya kamati za ardhi. Wakuu walewale waliotakiwa kulinda mali ya kabaila! Wabolsheviki, yaani wakomunisti walioshika dola Oktoba ile, walitoa sheria yao ya ardhi tarehe 26 Oktoba, wiki sita baadaye, na wao Tambov hawakumpa mtu kitu, walibariki kilichokuwa kinatokea.

Hizo siku chache za Kozlov ndo moyo wa tasnifu yako, kaa hapo. Chukua karatasi kubwa, chora safu tatu: wakulima wamefanya nini, askari wako wapi na wamefanya nini, wakuu wameandika nini. Siku moja mstari mmoja. Ukiona wakuu wanakubali ardhi iende kwa kamati baada ya askari kushindwa kutuliza, sababu yako imepata ushahidi. Ukiona walikubali kabla hata ya kuomba askari, basi kuna kitu kingine, pengine wakuu wenyewe ni wa chama cha wakulima na wangetoa tu hata bila kutishwa, na lazima useme hivyo. Ujue kuna ushahidi wa upande huo pia, Wasoshalisti Wanamapinduzi walikuwa na nguvu sana Tambov, chama chao ndo kilikuwa kinaahidi ardhi. Usiufiche huo, uweke mbele kama mpinzani mkuu wa hoja yako, kisha umpime kwa kuuliza: mbona walikuwa madarakani tangu masika na wakangoja mpaka Septemba, mpaka Kozlov iungue?

Kuna mtego mwingine 1917 ambao mtahini mzuri atakuuliza, nao ni nani alimvunja nani. Jeshi lilivunjika kwa sababu askari ni wakulima, wamesikia nyumbani ardhi inagawiwa, wanakimbia wakawahi fungu lao. Kwa hiyo uasi ndo umevunja jeshi, wewe unasema jeshi kuvunjika ndo kumefanya uasi ufaulu, unazunguka. Jibu lake liko kwenye mpangilio wa matukio. Nidhamu ilianza kuvunjika Februari na Machi, Petrograd, kwa ajili ya mkate na vita, kabla ya wimbi la ardhi vijijini. Baadaye ndiyo, viwili vikawa vinalishana, na wewe kubali hivyo wazi, dai lako liwe juu ya mwanzo tu. Dai dogo unaloweza kulilinda ni bora kuliko kubwa linalokukimbiza.

Halafu 1920, na hapa ndo utafurahi au utalia. Agosti ile vijiji vya wilaya ya Kirsanov na jirani zake viliwakataa wachukua nafaka wa serikali ya Wabolsheviki, Antonov akawa kiongozi wa jeshi la waasi, na kwa miezi kadhaa serikali haikuwa na nguvu nje ya miji na reli. Kwa nini? Kwa sababu jeshi lenyewe lilikuwa Poland, na kusini likipigana na Wrangel, jenerali aliyewapinga Wabolsheviki. Oktoba 1920 mapigano na Poland yakasimama, Novemba Wrangel akafukuzwa Krimea, na masika ya 1921 askari wakaanza kumiminika Tambov, mwezi Mei akaletwa Tukhachevsky kuongoza, wakafika kama 100,000. Kufikia mwisho wa kiangazi uasi ulikuwa umevunjwa, Antonov mwenyewe akauawa Juni 1922.

Lakini subiri, Jeshi Jekundu la Wabolsheviki nalo ni la wakulima! Mbona hawakugoma? Ukijibu "walikuwa na imani" umeharibu, maana hiyo imani hukuipima 1917. Jibu linalopimika ni lilelile la Makosaki: mwanzoni walinzi wa palepale jimboni walikuwa dhaifu na wengine wakapoteza silaha zao kwa waasi, waliokuja kumaliza kazi walikuwa wageni, wanafunzi wa vyuo vya kijeshi, wapanda farasi wa Kotovsky kutoka kusini. Kotovsky huyo alijifanya kamanda wa Kosaki aliyekuja kuungana na waasi, akawakaribisha makamanda wao mezani, wakauawa. Na amri ya tarehe 11 Juni 1921 ilisema anayekataa kutaja jina lake apigwe risasi papo hapo, na familia zishikwe mateka. Ile mir iliyowaunganisha ikawa kamba ya kuwafungia, kwa sababu kijiji kinachojibu kwa pamoja ni rahisi kukichukulia mateka kwa pamoja.

Kwa hiyo sababu yako inabadilika kidogo baada ya kesi ya tatu, na ni vizuri ibadilike, ila iandike kwamba imebadilika na kwa nini. Mwanzo ulisema "askari wanaotii". Sasa unasema askari wanaotii, na kutii kunatokana sana na kama ni wageni kwa kijiji kile na kama kuna dola nyuma yao inayoweza kuwaadhibu wakigoma. Mwaka 1917 cha pili hakikuwepo kabisa.

Maji Maji usiitupe, ila usiifanye kesi ya nne. Ifanye mpaka. Kinachoiponza ni kwamba haina ushindi wa kulinganisha nao, na pia mashine yake ni tofauti. Julai 1905 Matumbi wanang'oa pamba, Agosti sehemu kubwa ya kusini inawaka, boma la Liwale limeanguka, na askari wa Mjerumani koloni nzima hawakufika 3,000 hata ukijumlisha polisi. Kwa kuhesabu vichwa tu, dola ilikuwa hafifu kuliko Tambov. Sasa kama hoja yako ingekuwa "askari wachache", Maji Maji ingeivunja. Lakini askari wale, Wasudani, Wamanyema, Wanyamwezi na wengine, hawakuwa watoto wa Wamatumbi wala Wapogoro, walikaa nyuma ya mashinigani pale Mahenge tarehe 30 Agosti na hawakusita. Wakasubiri msaada toka nje, kisha wakachoma mashamba na maghala, na njaa ikaua kuliko risasi. Wajerumani wenyewe walikadiria vifo 75,000, na kuna wanahistoria wanaofika 250,000 na zaidi.

Hapo unaandika mipaka ya hoja: inahusu dola ambazo jeshi lake linatokana na wakulima walewale, ambapo kugoma ni kitu kinachowezekana. Kwenye koloni lenye askari wa kukodi kutoka mbali, mlango huo umefungwa tangu mwanzo, na wakulima wakishika ardhi itabidi iwe kwa njia nyingine. Usiseme zaidi ya hapo, usiseme "kwa hiyo Afrika", hujaipima Afrika.

Na kwenye propozali weka aya moja ya nini kingekufanya uache hoja. Mimi ningeandika viwili: nikikuta wilaya ya Tambov ambapo 1917 walikuwepo askari watiifu wa kutosha na bado wakulima wakashika ardhi, au nikikuta wilaya ambayo hakuna askari aliyefika na ardhi haikuguswa. Hicho cha pili kitafute kwa bidii, maana hatutafuti kwa kawaida, nyaraka zinaandika kulikowaka na si kulikotulia.

Vitu vidogo vya mwisho. Ripoti za polisi 1905 zitakuambia kila mahali kulikuwa na wachochezi kutoka nje, na ripoti za 1921 zitakuambia wote ni majambazi, hayo ni maneno ya mtu anayejitetea kwa bosi wake, tumia ripoti hizo kwa tarehe na idadi ya askari, siyo kwa sababu. Kama husomi Kirusi bado kazi inawezekana, Tambov imeandikwa vya kutosha kwa Kiingereza kwa ngazi ya masta, ila safu ya askari kwenye ile karatasi itakuwa na matundu, yaache wazi usiyajaze kwa kukisia. Na kalenda, jamani kalenda. Urusi ilitumia ya zamani mpaka Februari 1918, iko nyuma siku 13, kwa hiyo tarehe 26 Oktoba ya kwao ni 8 Novemba ya kwetu. Balozi za nje zinaandika kwa mpya, magavana wanaandika kwa zamani, ukizichanganya askari watafika Kozlov kabla moto haujawashwa na hoja yako yote inageuka kichwa chini miguu juu. Zote nilizokupa hapa za 1905, 1906 na 1917 kwa upande wa Urusi ni za zamani, za 1920 kuendelea na za Maji Maji ni za mpya.